Nazi Zake, Makuti Yangu

Joho lilikuwa la kukodi. Karani aliyenikabidhi aliandika jina langu daftarini, akanitazama juu ya miwani na kuniambia lirudi kabla ya saa sita mchana Jumanne, la sivyo dhamana yangu ingeanza kukatwa siku kwa siku. Ijumaa nililivaa pale Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, tukaambiwa tusimame, tukasimama, tukaambiwa tuvae kofia, tukavaa. Mama alikuwepo. Baba alibaki nyumbani. Walikuwa wamepiga hesabu ya nauli wakaona inatosha mtu mmoja, naye Baba akasema aende anayejua kupiga vigelegele.

Jioni ile wenzangu waliandika shukrani chini ya picha zao. Nami niliandika: asanteni wazazi wangu kwa kujinyima. Nikaisoma, nikaifuta. Uongo haukuwemo, ila sentensi yenyewe ilikuwa nyepesi kama kumbi. Nani alijinyima nini, mwezi gani, shilingi ngapi? Sikujua. Nilijua tu kwamba karo ilikuwa ikilipwa, na isipolipwa nilikuwa narudishwa nyumbani na begi.

Mama alikuwa amekuja na mkebe wa Kimbo ndani ya mkoba wake. Nilidhani amebeba mahamri. Alipoufungua hosteli usiku nikaona karatasi: stakabadhi za benki, risiti za shule na daftari dogo la kurasa 32 lililokunjwa kati. "Nimezibeba zote," akasema, "wakikwambia hujalipa, niwaonyeshe." Alikaa uwanjani saa tano juani na ule mkebe mapajani, akingoja mtu athubutu kusema binti yake anadaiwa.

Jumamosi asubuhi tukapanda matatu ya Malindi. Mama dirishani, mimi na joho ndani ya mfuko wa nailoni, mkebe katikati yetu. Kabla hatujafika Gede nilikuwa nimeanza kuzipanga karatasi kwa tarehe.

Nilitarajia kuona malipo matatu kwa mwaka, moja kwa kila muhula. Nilikuta vipande. Shilingi 1,350. Shilingi 700. Shilingi 2,000. Moja ilikuwa ya shilingi 350, imepigwa muhuri wa benki Malindi, na nauli ya kwenda Malindi na kurudi siku hiyo bila shaka ilikaribia pesa zenyewe. Nikamuuliza Mama kwa nini hawakungoja zikusanyike.

"Zingekaa wapi?" akajibu. "Pesa ikilala ndani ya nyumba yenye watoto sita inaamka ni unga."

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2017, shule ya bweni ya kaunti. Kufikia 2018 kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule za aina yetu kilikuwa shilingi 40,535 kwa mwaka. Mtu akiigawa kwa tatu ataona kama shilingi 13,500 kwa muhula, na huenda akasema si mlima. Lakini karo ya Kenya haikugawanywa hivyo. Muhula wa kwanza mzazi alitakiwa kutoa nusu nzima, wa pili asilimia 30, wa tatu asilimia 20. Kwa hiyo Januari, wiki chache baada ya Krismasi, nyumba yetu ilidaiwa shilingi 20,267 kwa mkupuo. Nilisoma miaka minne bila kujua hilo. Nilichojua ni kwamba Januari Baba huwa mkali.

Malindi tuliteremka stendi na Mama akaniambia tupite kwanza kwa broka wa makuti, ana vijisenti vyake vya wiki iliyopita. Tukatembea hadi uani kwake. Makuti yamelazwa matita matita, marefu kama mikono miwili, rangi ya kahawia, yananuka maji na moshi. Mama aligusa tita la juu, akalipindua, akakunja uso.

"Haya si yangu."

Kuti la kuezekea watu huliona kwenye paa la hoteli, hawalioni likizaliwa. Mama huokota makuti yaliyoanguka chini ya mnazi, akayachana majani, akayaloweka hadi yawe laini. Kisha hukaa chini, miguu ameinyoosha, ufito juu ya mapaja. Hushika majani mawili au matatu yaliyopandana, akayakunja juu ya ufito, akayashona kwa uzi wa ukindu karibu na mkunjo, halafu mengine tena, yakipandiana na ya kwanza, hadi ufito ujae. Lililoshonwa vibaya utalijua ukiliinua dhidi ya mwangaza: kama majani hayakupandana vya kutosha, jua linapenya, na penye jua mvua itapita. Broka mzoefu hulifanya hivyo. Lile tita la juu jua lilikuwa linapenya.

Siku nzuri Mama hushona 40. Wakati nilipokuwa sekondari broka alimlipa shilingi 8 kwa kuti. Nilitoa simu nikapiga hesabu palepale uani: kulipa ile nusu ya Januari peke yake alihitaji makuti 2,534, yaani zaidi ya siku 63 nzuri mfululizo, bila mgonjwa nyumbani, bila msiba, bila siku ya kulima. Nikamwonyesha skrini. Akaitazama kidogo. "Na Januari hakuna anayenunua," akasema.

Hilo ndilo sikuwahi kulifikiria. Hoteli za Malindi na Watamu hujaa wageni tangu Disemba, na mwenye hoteli hawezi kubomoa paa mgeni akiwa kitandani. Hungoja wageni waondoke baada ya Pasaka, ndipo aezeke upya wakati wa mvua na biashara ndogo. Kwa hiyo pesa ya makuti huja Aprili, Mei, Juni. Muhula wa pili makuti yaliulipa vizuri tu, stakabadhi zinaonyesha: za Mei zimefuatana kama siafu. Mahindi nayo huvunwa baada ya masika, Julai na Agosti, yakiwepo. Januari, mwezi wa kudaiwa nusu, shamba limekauka na Malindi haitaki makuti. Walioweka ule mpango wa nusu, thuluthi na makombo sijui walikuwa wakitazama shamba la nani.

Broka alimlipa Mama shilingi 1,100, akanitazama mimi na mfuko wangu. Mama akamwambia nimehitimu. Akatoa shilingi 200 nyingine, akasema hiyo ya soda ya dakitari. Sijasomea udaktari, nimesomea sayansi ya mazingira, lakini mtu haikatai soda.

Matatu ya kaskazini ilituvusha daraja la Sabaki. Mto ulikuwa mwekundu, umebeba udongo wa watu kutoka bara kuupeleka baharini, na abiria wawili wakaanza mazungumzo ya mafuriko kama wafanyavyo abiria wote wa daraja lile. Tukapita Mambrui. Baadaye, upande wa kulia, nchi ikawa nyeupe.

Ukanda wa Gongoni hadi Marereni na Kurawa ndiko Kenya inakovuna chumvi nyingi ya bahari. Maji huvutwa kwa pampu kutoka kwenye mikono ya bahari, yakaingizwa bwawa la kwanza, jua likayapunguza, yakahamishiwa la pili, la tatu, kila bwawa maji mazito kuliko lililopita, hadi kwenye vitalu vya mwisho ambapo chumvi hukaa chini kama gamba. Hapo ndipo watu huingia na majembe na sepetu: wanavunja gamba, wanakusanya marundo, wanapakia. Kazi hii inataka ukavu. Mvua moja ya usiku inaweza kuyeyusha kilichongojwa kwa wiki kadhaa. Na ukavu mkuu wa kwetu ni Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma.

Yaani mwezi uleule ambao mahindi na makuti vilikuwa vimelala, chumvi ilikuwa macho. Ndiyo maana kila Januari Baba alikuwa Gongoni. Alitoka saa tisa usiku kwa baiskeli ili avunje gamba kabla jua halijapanda, maana mwanga ukishagonga chumvi macho hayafunguki. Mimi nikiwa mdogo nilidhani anavua samaki. Alirudi na nyufa miguuni kama udongo wa bwawa lililokauka, na Mama akizijaza mafuta ya nazi kwa kidole, mmoja mmoja, bila mmoja wao kusema neno. Aliwahi kununua buti za mpira. Maji ya chumvi yaliingia kwa juu yakakaa humo, ikawa afadhali kwenda peku.

Kuhusu viwanda hivyo, malalamiko ya ardhi na ya vibarua ni ya zamani. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja Malindi kuyasikiliza hadharani. Baba hakwenda kusema lolote. Alikuwa na kibarua siku hiyo.

Tulipita pia njia panda ya Ngomeni, kule ambako majukwaa ya Waitaliano yamesimama baharini. Kutoka huko, tarehe 12 Disemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Tuliisoma shuleni na mwalimu akatuambia tujivune. Nilijivuna, nikarudishwa nyumbani wiki iliyofuata kwa shilingi 4,100.

Stakabadhi za Januari 2018 ndizo zilizonitatiza. Kulikuwa na moja ya shilingi 18,000, siku moja, nambari nzima. Katika mkebe wote hakuna nyingine iliyokaribia hiyo. Makuti hayakuwepo, na chumvi hailipi hivyo kwa wiki mbili. Nikamwonyesha Mama. Akaichukua, akaitia mkebeni, akafunga.

"Hiyo muulize babako."

Kwetu ni Fundisa, ndani kidogo ya barabara kuu. Tulishuka, tukapanda boda mmoja wote wawili, Mama katikati, nami nyuma nimelikumbatia joho. Baba alikuwa chini ya mwembe. Sikulia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilimwamkia, nikalitoa joho, akalishika pindo akalipima kwa vidole kama anayepima gunia.

"Lenu?"

"La kukodi, Baba. Linarudi Jumanne."

"Usipolirudisha?"

"Wanakata pesa."

Akalikunja haraka, akanirudishia. "Basi livae sasa upigwe picha, uliweke." Nililivaa juu ya leso. Jirani akatupiga picha tatu kwa simu yangu. Katika zote Baba anatazama kando, anahofia mbuzi asilitafune.

Usiku, baada ya wali na kuku, nilimuuliza kuhusu shilingi 18,000. Akanyamaza. Kisha akaniambia niwahi kulala, tungetembea asubuhi.

Jumapili alinipeleka hadi mwisho wa shamba, kwenye minazi iliyo upande wa mteremko. Nimecheza chini ya minazi ile tangu sijaota meno. Akahesabu kwa kunyoosha kidole: 12. "Hii," akasema, "si yetu kwa sasa."

Rehani ya minazi ni jambo la kale Uswahilini na kwa Mijikenda. Mtu mwenye shida anakabidhi minazi yake, ardhi inabaki yake. Mkopeshaji haandiki riba. Anaangua nazi, na ataendelea kuziangua hadi siku deni litakaporudi zima. Anachovuna hakipunguzi deni hata senti. Januari 2018 Baba alikwenda kwa mzee mmoja jirani, wakakubaliana shilingi 1,500 kwa mnazi, minazi 12. Wakaandika kwenye daftari la kurasa 32, mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi wawili, kila mtu akaweka dole gumba. Daftari hilo ndilo lililokuwa mkebeni. Kurasa za mbele nilikuwa nimeziona, hesabu za makuti. Ukurasa wa katikati nilikuwa sijaufungua.

Nikaufungua palepale. Nikapiga hesabu nyingine, na hii sikumwonyesha mtu. Mnazi wa kwetu usiotunzwa sana hutoa kama nazi 40 kwa mwaka. Minazi 12 ni nazi 480. Kwa bei ya shambani ya shilingi 12, ni shilingi 5,760 kwa mwaka. Miaka 7 imekwishapita na zaidi, kwa hiyo yule mzee ameangua nazi za zaidi ya shilingi 40,000 kwa mkopo wa 18,000, na bado anadai 18,000. Si mwizi. Alitoa pesa siku ambayo wengine walimwambia Baba kwamba msichana humsomeshi, unawasomeshea wakwe.

Hatari ya rehani ni muda, kuliko hata hizo hesabu. Mashahidi wanakufa, watoto wa mkopeshaji wanakua wakiona baba yao akiangua, na siku moja wanasema minazi ilinunuliwa. Dalili ya kwanza ni mkopeshaji kuanza kupanda kitu chini yake, mhogo au miche ya minazi mipya, kwa sababu mwenye kuangua tu hana haja ya kupanda. Baba alikuwa akipita pale kila jioni kutazama chini. Nami nilidhani anatafuta dafu.

Kwenye ukurasa ule, chini ya madole gumba, kulikuwa na mstari mmoja wa mwandiko mwingine, uliobanwa: makuti yaangukayo ni ya mama wa nyumba. Nikamsomea Baba kwa sauti. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mamako alituacha tumalize, mzee ameshafunga kalamu. Akasimama mlangoni, akasema: nazi zake, makuti yangu. Mzee akakataa. Mamako akasema basi hakuna minazi. Zile pesa nilikuwa nazo tayari mkononi, nikajua nitazirudisha."

Kwa hiyo miaka yote hiyo minazi haikuwa yetu kwa juu, lakini kwa chini ilikuwa ya Mama. Kuti likianguka usiku alilisikia kitandani. Mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona na hoteli zikafungwa pia, nilikaa nyumbani hadi Oktoba nikajifunza kushona kando yake. Tulishona makuti yasiyo na mnunuzi, tukayapanga ukutani hadi yakaziba dirisha. Nilimuuliza kwa nini tunaendelea. Akasema majani yakilala chini mchwa hula.

Chuo Kikuu hakikuwa kizito kama sekondari, watu hawaamini nikisema. Niliingia 2021, kabla ya mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, na ada ya masomo kwa tuliopelekwa na serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo, HELB, ilibeba sehemu kubwa. Ila mkopo ulikuwa ukichelewa na njaa haichelewi, ndipo simu yangu ilipokuwa ikilia: umepokea shilingi 529. Kila mara 529. Mia tano ya kula, na 29 ya kutolea, ili nisikatwe. Wakati mwingine zilifika mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine hazikufika, lakini hazikuwahi kufika 500 kamili. Deni la HELB sasa ni langu, asilimia 4 kwa mwaka, nami nina mwaka mmoja kabla ya kuanza kulipa.

Katika pesa za mkopo wa muhula wa mwisho nilikuwa nimebakiza shilingi 6,000. Nilizitunza za kutafutia kazi Mombasa. Nikamwambia Baba twende kwa mzee.

Tulimkuta anachonga mpini. Amezeeka, jicho moja lina ukungu. Baba akaeleza kwa mzunguko mrefu, kama inavyopasa, akaanza na mvua, akapita kwenye ndama, akafika. Mzee akasema rehani hukombolewa nzima. Baba akasema anajua. Pakawa kimya. Kisha mzee akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyesomeshwa na minazi yangu?"

"Ndiye mimi, babu. Na ya Baba."

Akaenda ndani, akatoka na nakala yake ya daftari, akaniambia niandike mwenyewe kwa kuwa jicho halimruhusu: minazi minne imerudi, minane imebaki, deni shilingi 12,000. Nikaandika mara mbili, kwenye daftari lake na letu, na tarehe. Akaweka dole gumba, Baba akaweka, mimi nikatia sahihi kama shahidi. Aliniuliza nimesomea nini, nikamwambia mazingira. Akasema vizuri, nitamwambia mwaka kesho kama mvua itanyesha.

Jumatatu asubuhi mkwezi alikuja. Baba alimwonyesha minne aliyoichagua, ya karibu na njia, ambayo hata mtu akipita ataiona. Nazi zikaanza kuanguka kwa ule mshindo wa tumbo. Baba alisimama mbali akihesabu kwa midomo. Mkwezi alipofika mnazi wa tatu alivuta kuti bichi lililomzuia, akalikata, likashuka likipinda.

Mama alikuwa amefika kabla halijatua. Baba akamwambia kwamba leo hata makuti mabichi ni yetu, hakuna haja ya kukimbilia.

"Yalikuwa yangu tangu hapo," akasema, akaliburuta kuelekea nyumbani.

Joho niliondoka nalo saa kumi jioni, nimelifunga mara mbili kwa sababu ya utomvu, pamoja na nazi kumi za karani.